Pampu ya petroli au ya sola? Maswali yanayoulizwa sana kuhusu riba ya makutano na tofauti ya hela

Haya maswali nayapata kila mara kwa watu ninaokaa nao kupiga hesabu za mashamba ya umwagiliaji, wengine kwa simu usiku kabisa wakiwa na karatasi mbili za bei mkononi, moja ya duka la pampu za petroli nyingine ya fundi wa sola, na kesho yake inabidi walipe advansi. Nimeyaweka pamoja hapa. Mfano ni mmoja tu mwanzo mpaka karibu na mwisho, ili usipotee. Namba za mfano ni za kwangu nimeziweka ziwe rahisi kufuatilia, za kwako utaweka mwenyewe.

Hii riba ya makutano ni kitu gani hasa?

Una miradi miwili na unaweza kufanya mmoja tu, maana kisima ni kimoja na shamba ni lile lile, ukifunga pampu hii ile nyingine huihitaji. Kila mradi una NPV yake, yaani ukichukua hela zote zitakazoingia miaka ya mbele ukazirudisha kwenye thamani ya leo kwa kiwango fulani cha riba, halafu ukatoa hela uliyotumia kuanzia, kinachobaki ndio NPV. Sasa hiyo NPV inabadilika ukibadilisha riba. Riba ikiwa ndogo mradi wenye mtaji mkubwa na mapato makubwa unang'aa, riba ikipanda unanyong'onyea haraka kuliko ule mdogo. Katikati kuna riba moja ambayo miradi yote miwili inatoa NPV sawasawa kabisa. Hiyo ndio ya makutano. Chini yake anashinda mmoja, juu yake anashinda mwingine.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi, mchumi wa Marekani Irving Fisher alishalieleza vizuri mwaka 1930, ndio maana kuna vitabu vya chuo vinaiita riba ya Fisher. Kama umekutana na jina hilo ujue ni kitu hiki hiki.

Nipe mfano wenyewe basi.

Shamba la eka 2 la nyanya na vitunguu, kisima kipo tayari. Ukitoa mbegu, mbolea, dawa na vibarua, lakini bila kugusa gharama ya kuvuta maji, shamba linabakiza 2,600,000 kwa mwaka.

Pampu ya petroli na mipira yake inakugharimu 2,000,000. Inapiga kazi masaa 4 kwa siku, siku 120 kwa mwaka, hayo ni masaa 480, ikinywa lita moja kwa saa ni lita 480, ukiweka 3,000 kwa lita ni 1,440,000. Ongeza oili, plagi na fundi 160,000. Jumla 1,600,000 kwa mwaka zinaenda kwenye maji. Unabaki na 1,000,000.

Sola, yaani pampu, paneli, stendi na kufungiwa, ni 6,000,000. Mafuta hamna, ila kuna kuosha paneli, kumpa kitu kidogo jirani anayezilinda, na marekebisho, tuseme 400,000 kwa mwaka. Unabaki na 2,200,000.

Tunahesabu miaka 5 na kwa sasa tunachukulia kwamba mwisho wa miaka hiyo vyote havina thamani tena. Hilo la mwisho si kweli sana, tutalirudia.

| Mwaka | Petroli | Sola | Sola toa petroli |
|---|---|---|---|
| 0 | -2,000,000 | -6,000,000 | -4,000,000 |
| 1 | 1,000,000 | 2,200,000 | 1,200,000 |
| 2 | 1,000,000 | 2,200,000 | 1,200,000 |
| 3 | 1,000,000 | 2,200,000 | 1,200,000 |
| 4 | 1,000,000 | 2,200,000 | 1,200,000 |
| 5 | 1,000,000 | 2,200,000 | 1,200,000 |

Safu ya mwisho ndio habari yote. Inasema hivi: ukichagua sola badala ya petroli unaongeza milioni 4 leo, na unapata laki 12 zaidi kila mwaka kwa miaka 5. Riba ya makutano ni IRR ya safu hiyo, basi, yaani riba inayofanya hizo laki 12 tano zikirudishwa leo ziwe milioni 4 kamili. Jibu lake ni asilimia 15.24.

Kwa nini IRR ya tofauti ndio iwe makutano? Mbona kama mazingaombwe?

Fikiria tu maana ya makutano. NPV ya sola ni sawa na NPV ya petroli, si ndio? Basi moja ukitoa nyingine unapata sifuri. Na kutoa NPV mbili ni sawa na kutoa kwanza hela za kila mwaka halafu ndio uzirudishe leo, maana riba ni ile ile na miaka ni ile ile, hakuna kinachobadilika. Kwahiyo unatafuta riba inayofanya NPV ya safu ya tofauti iwe sifuri, na riba inayofanya NPV iwe sifuri ndio tunaiita IRR.

Hakiki mwenyewe. Kwa asilimia 15.24 laki 12 zile tano zina thamani ya milioni 4 leo, maana yake shilingi moja ya kila mwaka kwa miaka 5 ina thamani ya 3.3333 leo. Petroli: 1,000,000 mara 3.3333 toa 2,000,000 unapata kama 1,333,000. Sola: 2,200,000 mara 3.3333 toa 6,000,000, tena 1,333,000. Zimekutana.

Nitaitafutaje na kikokotoo cha simu, sina kompyuta?

Unabahatisha riba mbili, moja itoe jibu la juu ya sifuri nyingine la chini ya sifuri, halafu unagawa katikati. Kwa 15% ile shilingi moja ya kila mwaka ina thamani ya 3.3522, unaipata kwa kugawa 1 kwa 1.15 mara tano mfululizo halafu unajumlisha majibu yote matano. Zidisha na 1,200,000 unapata 4,022,600 hivi, toa milioni 4, inabaki 22,600 juu ya sifuri. Kwa 16% namba ni 3.2743, ukizidisha na kutoa unapata kama 70,800 chini ya sifuri. Kwahiyo kutoka 15 mpaka 16 umeshuka jumla 93,400, na sifuri umeikuta baada ya kushuka 22,600 tu, gawanya 22,600 kwa 93,400 unapata 0.24. Jibu 15.24.

Ushauri wangu riba zako mbili ziwe karibu. Kuna watu wanabahatisha 10 na 20 halafu wanagawa. Kwa 10% tofauti ni 548,900 juu, kwa 20% ni 411,300 chini, ukigawa utapata 15.7 na sio 15.24, kwa sababu mstari wa NPV ukiuchora riba ikipanda umepinda, wakati we unaufanya umenyooka. Nusu pointi inaweza kukubadilishia uamuzi, kama utakavyoona kwenye swali la mkopo.

Na kwenye Excel?

Petroli iwe safu B, sola safu C, tofauti safu D, mwaka 0 uko mstari wa 2 na mwaka wa 5 mstari wa 7.

```
D2:  =C2-B2        (buruta mpaka D7)
     =IRR(D2:D7)
     =NPV(15%,D3:D7)+D2
```

Mstari wa mwisho ni wa kuhakiki. Angalia hapo D2 nimeiweka nje ya mabano, na hili linawaponza watu wengi sana. Excel ikiona NPV inachukulia hela ya kwanza ndani ya mabano inaingia baada ya mwaka mmoja. Ukiandika =NPV(10%,D2:D7) utapata kama 499,000 badala ya 548,900, kwasababu kila kitu kimesogezwa mwaka mmoja mbele. Makutano hayaharibiki, sifuri ikigawanywa na 1.1 bado ni sifuri, ila NPV unayomwonyesha mtu sio yenyewe.

Petroli ina IRR ya 41% na sola 24%. Si nichukue ya 41 tu yaishe?

Hili ndio swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanakasirika nikiwaambia hapana, subiri kwanza. IRR za kila mmoja ni kweli, petroli 41% na sola kama 24.3%. Lakini 41% ni ya milioni 2. Sola ni 24.3% ya milioni 6. Huwezi kulinganisha asilimia za mitaji tofauti bila kuuliza ile milioni 4 iliyobaki kwa mwenye petroli imeenda wapi.

Kama imelala kwenye simu, haizai kitu. Kama inaenda mahali inapozaa zaidi ya 15.24% kwa mwaka, sawa, chukua petroli na ile nne ipeleke huko. Kama inazaa chini ya hapo, sola. Tofauti ya sola na petroli ni "uwekezaji" wa milioni 4 unaolipa 15.24%, uchukulie hivyo hivyo kama mtu amekuja kukuuzia.

Hapa kwetu Tanzania hii namba haipo mbali na maisha ya kweli. Hati fungani za serikali za miaka 20, zile za kabla riba haijashushwa 2022, zilikuwa na kuponi ya 15.49%, yaani juu kidogo tu ya makutano yetu. Mwenye milioni 4 mkononi wakati ule alikuwa na mshindani wa kweli wa sola, ingawa hati ya miaka 20 na pampu ya miaka 5 sio vitu vya muda mmoja. Ukilinganisha na akaunti ya akiba ya kawaida sola inashinda mbali.

Si nitoe tu 41 kwa 24 nipate makutano?

Hapana. 41 toa 24.3 ni 16.7, na kwa bahati mbaya kwenye mfano huu hiyo namba imeangukia karibu na 15.24 kiasi cha mtu kudhani njia ni sahihi. Ni bahati tu. Wengine wanachukua wastani wa zile mbili wanapata 32 na kitu, kwa riba hiyo sola ina NPV chini ya sifuri kabisa, itakutanaje na petroli ambayo bado ipo juu? Toa hela, usitoe asilimia.

Nitoe ipi kwa ipi? Nikitoa petroli toa sola nini kinaharibika?

Namba haibadiliki, ni 15.24 ile ile. Kinachogeuka ni maana. Ukichukua mradi mkubwa ukatoa mdogo safu inaanza na minus halafu inafuata chanya, inasomeka kama uwekezaji, na kwenye uwekezaji unataka IRR iwe juu ya riba yako. Ukigeuza, inaanza na +4,000,000 halafu -1,200,000 kila mwaka, hiyo inasomeka kama mkopo, na kwenye mkopo unataka riba iwe ndogo. Mtu akigeuza safu bila kugeuza kanuni anachagua kinyume. Mimi kila siku natoa mwenye mtaji mkubwa toa mdogo, nikiona mwaka 0 hauna minus nafuta naanza upya.

Nitapata mkopo wa riba 10%. Kumi ni ndogo kuliko 15.24, kwahiyo sola, au siyo?

Uliza kwanza 10% ya aina gani. Kama ni riba ya salio linalopungua, ambapo riba inapigwa kwenye deni lililobaki, sawa, sola inashinda: kwa 10% NPV ya sola ni kama 2,339,700 na ya petroli 1,790,800.

Lakini kama ni riba flati, ile inayopigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho hata kama umeshalipa zaidi ya nusu, kaa chini. Chukua milioni 4 za kuongezea, flati 10% miaka 5, unalipa mara moja kwa mwaka. Riba ni laki 4 kila mwaka. Deni lenyewe 4,000,000 kwa miaka 5 ni laki 8 kila mwaka. Jumla unalipa 1,200,000 kila mwaka kwa miaka 5.

Rudi juu uangalie safu ya tofauti. Ni hela ile ile, shilingi kwa shilingi! Unakopa milioni 4, sola inakuokolea laki 12 kila mwaka, na laki 12 zote unampelekea mkopeshaji. Ile "kumi" yako riba yake ya kweli ni 15.24%, umekaa juu ya makutano kabisa, sola na petroli ni sawa kwako kwa miaka yote 5.

Na marejesho yakiwa ya kila mwezi ni mabaya zaidi. Flati 10% kwa miezi 60 inakuja 100,000 kila mwezi, angalia mwenyewe:

```
=RATE(60,-100000,4000000)
```

Inakupa kama 1.44% kwa mwezi, ukiikuza mwaka mzima ni karibu 18.7%. Hiyo imeshavuka 15.24 na petroli ndio inashinda, wakati mwenye shamba anaamini amepata mkopo wa kumi. Niliwahi kukaa na mama mmoja mwenye ratiba ya marejesho aliyoikunja mara nne kwenye pochi, juu imeandikwa 10% kwa wino mkubwa, tukaipiga hivi hivi mstari kwa mstari. Alinyamaza muda, akaniuliza "sasa mwanangu hii kumi iko wapi?" Haikuwepo. Kwahiyo kabla ya kulinganisha riba na makutano, andika hela unayopokea na hela unayolipa kila mara, tafuta riba ya kweli, ndio ulinganishe.

Sijui shamba litaniingizia kiasi gani kwa mwaka. Naweza kuhesabu kweli?

Makutano unaweza, na hapo ndipo naipendea hii njia. Ile 2,600,000 ipo kwenye petroli na ipo kwenye sola, ukitoa inajifuta. Ingekuwa 1,900,000 au 4,000,000 safu ya tofauti ingebaki ile ile, laki 12, na makutano 15.24. Mbegu, mbolea, vibarua, bei ya nyanya sokoni, vyote vinajifuta ilimradi pampu zote mbili zinatoa maji ya kutosha kwa mazao yale yale.

Sasa angalia mpaka wake. Makutano yanakwambia kati ya hizi mbili ipi, hayakwambii kama shamba lenyewe linalipa. Nyanya zikiporomoka ukabaki na 1,900,000 badala ya 2,600,000, petroli inabakiza laki 3 tu kwa mwaka, mara 5 ni milioni moja na nusu, haijarudisha hata milioni 2 ya kununulia. Na sola inabakiza 1,500,000 kwa mwaka, kwa 10% hiyo ni kama 5,686,000 leo, chini ya milioni 6. Kwa 10% sola bado inaishinda petroli, ila zote mbili ni hasara, na jibu ni kutofunga pampu yoyote. Kwahiyo baada ya makutano lazima uangalie NPV ya mshindi peke yake kama iko juu ya sifuri.

Na ile sharti la maji sawa usilipite haraka. Siku za mawingu sola inashuka, na kama huna tanki la kuhifadhi mazao yanaweza kupungua. Hapo mapato hayajifuti tena, pungufu lote linaingia kwenye safu ya tofauti.

Pampu yangu ya petroli haifiki miaka 5. Nifanyeje?

Basi usiihesabu kama inafika! Hili ni kosa linalobadilisha jibu kuliko lolote kati ya niliyoyaona. Tuseme mwisho wa mwaka wa 3 injini imekufa na unanunua nyingine kwa 800,000. Kwenye safu ya petroli mwaka wa 3 unakuwa 200,000 badala ya 1,000,000. Kwenye tofauti mwaka wa 3 unapanda kutoka 1,200,000 kwenda 2,000,000, maana ukiwa na sola hiyo laki 8 hukuitoa. Piga IRR upya, makutano yanaruka kutoka 15.24 mpaka kama 20.6. Yule mama wa 18.7% anarudi upande wa sola.

Upande wa pili, mwisho wa mwaka wa 5 paneli hazijafa, paneli nzuri inaishi zaidi ya miaka 20, pampu ndio inachoka mapema. Ukikadiria kwamba utaziuza 500,000, bila kugusa ile ya injini, mwaka wa 5 wa tofauti unakuwa 1,700,000 na makutano yanafika 17.7. Nimeona hesabu za wauzaji wa sola zinaweka thamani ya mwisho kubwa sana hapa. Weka bei ambayo jirani yako angekupa leo kwa paneli za miaka 5, sio zaidi.

Petroli ikishuka au ikipanda?

Makutano yanacheza sana, zaidi ya watu wanavyodhani. Akiba ikipungua laki moja tu, kutoka laki 12 kwenda laki 11 kwa mwaka, makutano yanashuka mpaka kama 11.65. Ikiongezeka laki moja yanafika 18.7. Na laki moja kwa lita 480 ni kama shilingi 208 kwa lita, kitu ambacho bei elekezi inaweza kufanya ndani ya miezi michache. Kwahiyo mimi sitoi namba moja, napiga mara tatu, bei ya leo, bei ikishuka 200 na ikipanda 200, halafu naangalia kama riba ya mtu iko nje ya hayo yote. Kama riba yako ya kweli ni 9%, chukua sola ulale. Kama ni 24%, sola usiiguse, na hapo hata NPV yake imebaki pembamba. Kama ni 15 au 16, ujue hesabu haijakupa jibu, tofauti ya NPV hapo ni makumi elfu tu, angalia mambo mengine kama wizi wa paneli na umbali wa kituo cha mafuta.

Ukiweka bei za leo bila kupandisha mafuta kila mwaka, basi na riba unayolinganisha iwe imetolewa mfumuko wa bei. Kuchanganya hivi viwili kunaionea sola, maana riba ya benki ina mfumuko ndani yake na akiba yako haina.

Naweza kukosa makutano kabisa?

Ndio. Kama jumla ya tofauti haifiki hata hela uliyoongeza, mfano akiba ni 750,000 kwa miaka 5, hiyo ni 3,750,000 kwa milioni 4 uliyotoa, hakuna riba ya juu ya sifuri itakayokutanisha. Petroli inashinda kwa riba zote. Excel itakupa asilimia yenye minus, usishtuke. Na kama safu ya tofauti haina minus hata moja, yaani mradi mmoja ni bora au sawa kila mwaka, Excel itakupa #NUM!, na hiyo sio hitilafu, ni kwamba hakuna cha kubishania.

Nimepata makutano mawili, ipi ya kweli?

Zote. Inatokea pale safu ya tofauti inapobadilisha alama zaidi ya mara moja. Kwenye pampu ni nadra, ila kwenye machimbo ya kokoto ipo. Tuseme kuchimba kwa mashine badala ya mikono kunaongeza gharama ya milioni 10 leo, mwaka wa 1 kunaleta milioni 23 zaidi, halafu mwaka wa 2 unalazimika kufukia shimo na umeshamaliza kokoto, tofauti ni minus milioni 13.2. Minus, chanya, minus.

Hapo IRR ni 10% na pia ni 20%. Ukiziweka namba hizo tatu D2 mpaka D4, Excel itakuonyesha moja tu, kutegemea imeanzia kutafuta wapi:

```
=IRR(D2:D4,0.05)    10%
=IRR(D2:D4,0.25)    20%
```

Kwa 5% tofauti ni kama 68,000 chini ya sifuri, kwa 15% ni kama 18,900 juu, kwa 25% ni 48,000 hivi chini. Kwahiyo mashine inashinda katikati tu, kati ya 10 na 20, nje ya hapo pande zote mbili mikono ndio bora. Ukiona alama zinageuka mara mbili usiamini IRR moja, piga NPV ya tofauti kwa riba kama tano tofauti ukianzia sifuri, uone inapovuka. Na ukitazama ukubwa wa hizo namba, elfu 18 kwenye mradi wa milioni 10, utaona kwamba hapa uamuzi utatoka kwenye gharama ya kufukia lile shimo, ambayo ndio namba ninayoitilia shaka kuliko zote nikiwa kwenye machimbo.